Kutumia programu mbili kwa pamoja kwenye Samsung, kwa vitufe au kwa kutelezesha kidole

Karibu mtazamaji. Leo nina simu ya Samsung mkononi, na kazi yenyewe ni ya mweka hazina wa kamati ya harusi: meseji za M-Pesa zinaingia, na kila mchango unatakiwa uonekane kwenye orodha ya kundi la WhatsApp. Badala ya kuruka huku na huku, tutaziweka programu zote mbili kwenye kioo kimoja.

Kwanza tuelewane namna ya kutembea ndani ya simu. Fungua Settings, ingia Display, kisha shuka hadi Navigation bar. Hapo kuna chaguo mbili. Buttons inakuletea vitufe vitatu chini ya kioo, na Swipe gestures inaviondoa ili utumie kidole tu. Ukigusa mojawapo, simu inabadilika hapo hapo, huna haja ya kuizima na kuiwasha.

Kama umehamia Samsung kutoka simu ya aina nyingine, huenda kitufe cha kurudi nyuma kinakusumbua kwa sababu hapa kiko kulia. Ukiwa umechagua Buttons, angalia sehemu ya Button order hapo hapo, ukipeleke kushoto ulikokizoea.

Sasa nachagua Swipe gestures. Kurudi nyuma, telezesha kidole kutoka ukingo wa kulia au wa kushoto kuelekea katikati. Kwenda mwanzo, telezesha kutoka chini kwenda juu, haraka, na uachie. Kuona programu ulizofungua, anza vile vile kutoka chini, lakini kidole kikifika karibu na katikati ya kioo kitulize kidogo, usikiachie. Tazama, kadi zinajipanga. Hapa ndipo wengi wanakwama: wakiachia mapema wanarudishwa mwanzo, wanadhani simu imegoma. Mtu mzima ambaye vidole vyake vinatetemeka, mimi ningemwachia vitufe. Kila kitu nitakachoonyesha kuanzia hapa kinafanyika kwa njia zote mbili. Mwenye vitufe anagusa tu kile chenye vijistari vitatu.

Haya, tugawe kioo. Fungua programu ya meseji, kisha fungua WhatsApp, ili zote ziwe miongoni mwa kadi. Leta kadi. Sasa usiguse kadi ya meseji yenyewe, gusa ile alama ndogo ya programu iliyo juu yake. Menyu inatokea, chagua Open in split screen view. Meseji zinapanda juu, na simu inakuuliza programu ya pili. Chagua WhatsApp. Tayari.

Usipoiona hiyo Open in split screen view kwenye menyu, ujue programu hiyo haikuandaliwa kugawana kioo. Kwenye Settings tafuta Multi window for all apps. Kama simu yako inayo, iwashe ujaribu tena, ingawa baadhi ya programu zitaonekana zimebanwa au maandishi yamekatika.

Tufanye mchango mmoja. Juu kuna meseji: shangazi wa bwana harusi katuma shilingi 50,000. Ibonyeze bila kuachia, nakili. Nenda chini kwenye sehemu ya kuandikia ya WhatsApp, bonyeza bila kuachia, bandika, kisha futa yasiyohusu kundi, hasa salio lako. Lakini ona: kibodi imeinuka na imekula nafasi, meseji hazisomeki vizuri. Kama unatumia kibodi ya Samsung, fungua menyu yake ya nukta tatu, ingia Modes, uchague Floating keyboard. Inakuwa ndogo na unaiburuta unakotaka.

Unaweza pia kuubonyeza mstari wa katikati na kuuburuta, upande unaosoma ukapata nafasi zaidi. Na kabla ya kurudi nyuma, gusa kwanza dirisha unalolikusudia, kwa sababu amri ya kurudi inalihusu lile uliloligusa mwisho. Ukilisahau hilo, utatoka kwenye kundi wakati ulitaka kutoka kwenye meseji.

Kufunga, buruta mstari huo hadi ukingo wa juu au wa chini. Dirisha linalobanwa ndilo linaloondoka.

Kama kamati yenu ina wiki kadhaa mbele, gusa nukta zilizo kwenye mstari wa katikati, kisha alama ya nyota, uhifadhi jozi hii kwenye ukurasa wa mwanzo. Meseji ikiingia, unagusa alama hiyo moja, na programu zote mbili zinafunguka zikiwa zimeshagawana kioo.