Neno "hadharani": maadili ya ndani ya sheria katika kesi ya mume na mke

Wakubwa shikamooni, na vijana hamjambo. Nitaanza na habari ya mume na mke.

Mwaka 1944 askari mmoja wa Ujerumani alirudi nyumbani kwa likizo. Akiwa faraghani na mkewe, alimsema vibaya Hitler na wakubwa wengine wa utawala. Mke naye, wakati mume yuko vitani, alikuwa amepata wanaume wengine, na sasa alitaka mume huyu amwondokee. Akaenda kwa kiongozi wa chama cha Nazi wa pale kwao akasema yote. Mahakama ya kijeshi ikamhukumu askari kifo. Hakuuawa, alikaa kifungoni kwa muda mfupi, kisha akarudishwa vitani. Vita vilipokwisha ikawa zamu ya mke kupanda kizimbani, kwa kosa la kumnyima mtu uhuru wake kinyume cha sheria, kifungu cha 239 cha kanuni ya adhabu ya mwaka 1871. Utetezi wake ulikuwa mwepesi kuutamka na mgumu kuujibu: mume wangu alivunja sheria iliyokuwapo, mimi nilitoa taarifa tu.

Wanafalsafa wawili walijibizana kuhusu kesi hii mwaka 1958, Hart wa Oxford na Fuller wa Harvard. Hart alishikilia kwamba kuwapo kwa sheria na uzuri wa sheria ni maswali mawili. Sheria inaweza kuwa chafu mno hata mtu mwema akatae kuitii, lakini bado ikawa sheria. Wengi hudhani Fuller alimjibu kwa kusema kwamba sheria ya kikatili si sheria. Sivyo. Alifanya jambo ambalo mimi naliona la kina zaidi: alizifungua zile sheria zenyewe, akasoma zilivyoandikwa, kisha akauliza mahakama ilizitumiaje.

Nasi tuzisome. Moja ni ya Desemba 1934, kuhusu maneno ya chuki dhidi ya wakuu wa dola na chama. Nyingine ni amri ya mwaka 1938 ya makosa ya wakati wa vita. Hii ya pili ndiyo yenye adhabu ya kifo, nayo inamlenga mtu anayejaribu *hadharani* kuvunja nia ya taifa ya kupigana. Lishikeni neno hilo. Bwana yule alikuwa nyumbani kwake, anazungumza na mkewe. Kama neno "hadharani" lina maana yoyote, basi maana yake ya kwanza ni kwamba chumbani si hadharani.

Ile ya mwaka 1934 ilijaribu kuziba pengo hilo. Ilisema maneno yasiyosemwa hadharani yatahesabiwa kuwa yamesemwa hadharani, ikiwa msemaji alijua au alipaswa kujua kwamba yangefika kwa watu. Tazameni mtego uliopo hapa. Ukisema na mkeo, hujui kama umetenda kosa. Jibu liko katika atakachofanya yeye kesho asubuhi: akinyamaza, hakuna jambo; akisema, hakimu atakuuliza kwa nini hukujua kwamba angesema. Raia hawezi kuisoma sheria ya namna hiyo, akapima mwenendo wake, akalala kwa amani. Na hata ukiikubali, adhabu yake ilikuwa kifungo. Kifo kilikaa katika amri nyingine, yenye neno lake "hadharani", na ili kumfikisha askari kwenye kifo ilibidi neno hilo liachwe kama halikuandikwa.

Hapo ndipo lilipo wazo ambalo Fuller aliliita maadili ya ndani ya sheria, na akalifafanua kwa urefu mwaka 1964. Kutawala kwa sheria, alisema, ni kazi yenye masharti yake, kama ujenzi ulivyo na masharti yake. Kanuni iwe ya jumla, itangazwe, ieleweke, iangalie mbele badala ya kurudi nyuma, isigongane na nyingine, isidai yasiyowezekana, isibadilike kila siku, na watawala wenyewe waifuate kama ilivyoandikwa. Mengi ya haya yanajieleza. Linalosahaulika ni hilo la mwisho, na ndilo lililomwangusha askari wetu. Andiko lilikuwapo na lilikuwa limechapishwa, ila mahakama haikujiona imefungwa nalo.

Hart alikuwa na pingamizi zuri, na nawaomba msilipuuze. Alisema masharti hayo ni ya ufanisi tu. Hata mtia sumu ana kanuni za kazi yake, kwa mfano asitumie sumu itakayomfanya mtu atapike, lakini hatuziiti maadili ya kutia sumu. Kwangu mimi mfano huo unakosa jambo moja. Mtia sumu hamwahidi kitu anayemlenga. Mtunga sheria anamwambia raia: hii ndiyo kanuni, ifuate, na kwa hiyo tutakuhukumu. Ni ahadi baina ya watu wawili, na kuivunja ni kumkosea mtu, si kufanya kazi vibaya tu.

Jambo hili linaonekana wazi zaidi katika sheria zinazorudi nyuma. Jengo la Bunge la Ujerumani lilichomwa tarehe 27 Februari 1933. Mshitakiwa van der Lubbe hakuweza kupewa adhabu ya kifo kwa uchomaji kwa mujibu wa sheria ya siku ile. Tarehe 29 Machi ikatungwa sheria ya kuirudisha nyuma adhabu ya kifo, ihesabiwe kuwapo tangu tarehe 31 Januari, na Januari 1934 akauawa. Katiba yetu ya Tanzania, ibara ya 13(6)(c), inakataza mtu kuadhibiwa kwa kitendo ambacho hakikuwa kosa alipokitenda, na inakataza pia adhabu kubwa kuliko iliyokuwapo wakati wa kosa. Kisa cha van der Lubbe kinaonyesha kwa nini nusu ya pili ya ibara hiyo inahitajika: kuchoma nyumba kulikuwa kosa siku zote, kilichobadilishwa ni adhabu.

Sasa turudi kwa yule mke, maana hapa pana jambo gumu. Hart alisema, kama ni lazima aadhibiwe, basi itungwe sheria mpya inayorudi nyuma, na tukiri waziwazi kwamba tunaichagua shari iliyo ndogo. Fuller naye, pamoja na mapenzi yake yote kwa sheria inayoangalia mbele, alikubali kwamba sheria kama hiyo ingefaa, kwa sababu ingeweka mpaka kati ya zama zile na zama mpya. Wala hajipingi hapo. Kwake masharti haya huathiriana: pale utangazaji na uwazi vilipokwisha kuharibiwa, kurudi nyuma mara moja kwaweza kuwa tiba. Ila kwake kurudi nyuma kuna maana tu pale ambapo sheria nyingine zote zinaangalia mbele.

Niongeze kwamba taarifa ya hukumu waliyoitegemea wote wawili ilikuja kuonekana na makosa kuhusu sababu za majaji, na Hart mwenyewe alilitaja hilo baadaye. Lakini tarehe zinajulikana. Hukumu ya rufaa ilitolewa Bamberg tarehe 27 Julai 1949. Miezi miwili kabla, mwezi Mei, Katiba mpya ya Ujerumani Magharibi ilikuwa imeanza kutumika, na ibara yake ya 103 inasema kitendo kitaadhibiwa tu kama sheria ilikwisha kukifanya kosa kabla hakijatendwa. Kwa hiyo tiba waliyokubaliana Hart na Fuller ilikuwa imefungiwa mlango na Katiba yenyewe, na mbele ya majaji wale kilibaki kifungu cha 239, cha mwaka 1871.