Reabonema ya mama na sale ya mdogo wangu: gawanya kwanza, ndipo ulipe

Wandugu wa Lubumbashi, jambo yenu. Na ninyi wa Likasi na Kolwezi mnaolalamika kila video kwamba siwataji, haya, nimewataja, tuendelee.

Leo tunaongea abonema. Kila mwisho wa mwezi simu yangu huku Ubelgiji inalia kwa mambo mawili: mdogo wangu wa Kampemba anataka makuta ya sale ya mazoezi, na mama kule Katuba anasema dekoda imekata. Najua wengi mnaoniangalia mko upande wa kuomba, na wengine, kama mimi, mko upande wa kutuma. Hesabu ni ileile kwa pande zote mbili.

Chukua bei uliyolipa, igawanye kwa mara ulizotumia kweli. Basi. Mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Ugumu unaanza pale unapouliza: ni mara zipi za kuhesabu, na jibu nilipime kwa nini?

Tuchukue sale ya mdogo wangu. Mwezi ni dola 40. Asiye na abonema anaingia kwa seansi, dola 5 kila mara. Kabla ya kuhesabu chochote, gawanya hizo mbili: 40 kwa 5 ni 8. Hiyo 8 ndiyo namba ya kushika kichwani. Akienda mara 8 kwa mwezi, abonema na seansi ni sawasawa. Akizidisha, abonema inamfaa. Akipunguza, anailipa sale kwa siku ambazo yeye amelala nyumbani. Bila hiyo bei ya seansi, jibu lako haliwezi kukuambia kama ni kubwa au ni dogo. Dola 6 kwa kila mara ni nyingi? Inategemea mlangoni wanadai ngapi.

Nilimuuliza anakwenda mara ngapi. "Yaya, mara tatu kwa juma, hata nne." Kwa hesabu hiyo ni mara 12 na zaidi kwa mwezi, tungefunga mjadala hapo. Lakini ile sale ina daftari mlangoni, kila anayeingia anaandika jina na saa. Nikamwambia aombe kulitazama, anipigie picha. Miezi mitatu ya mwisho: mara 11, mara 6, mara 4.

Simcheki, jamani. Mtu akikuambia anakwenda mara ngapi, anakutajia mpango wake, na mpango wake ni wa kweli kabisa moyoni. Mwaka 2006 wanauchumi wawili, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, walichapisha utafiti wa sale za mazoezi kule Marekani, wakitumia rekodi za mlangoni za wanachama zaidi ya 7,000. Wale wa abonema ya mwezi walikuwa wanalipa zaidi ya dola 70, na walikwenda kwa wastani mara 4.3 tu kwa mwezi. Kila kuingia kuliwatoka zaidi ya dola 17, wakati palepale kulikuwa na kadi ya mara 10 ambayo ingewapa kila kuingia kwa dola 10. Kwa hiyo mdogo wangu ana wenzake Marekani.

Turudi Kampemba. Mara 11, 6 na 4 ni mara 21 kwa miezi mitatu, na amelipa dola 120. Gawanya: dola 5 na senti 70 hivi kwa kila kuingia. Angelipa seansi, zingekuwa 105. Amepoteza dola 15 kwa miezi mitatu. Si balaa. Mtu anaweza kusema iache iendelee.

Hapo ndipo nawaomba msiridhike na wastani. Gawanyeni mwezi kwa mwezi. Mwezi wa kwanza alilipa dola 3 na senti 60 hivi kwa kila mara, bei nzuri sana. Wa pili, karibu dola 7. Wa tatu, dola 10 kamili, mara mbili ya anayeingia kwa seansi. Abonema ya mwezi ule wa kwanza ilistahili kila franga. Lakini mwezi wa kwanza umeshapita, na makuta anayoniomba ni ya mwezi wa nne.

Wastani unaweza kumwingiza mtu shimoni hivi. Ile sale ina ofa ya mwaka: unalipa miezi 10, unapewa 12, yaani dola 400. Ukigawa kwa 5, anahitaji seansi 80 kwa mwaka ili ofa imfae. Sasa ukichukua wastani wake wa mara 7 kwa mwezi, unapata 84, zinazidi 80, unasema haya, lipa! Ukichukua mwendo wa sasa, mara 4 kwa mwezi, unapata 48. Ofa inamuuzia mara 32 ambazo hatakwenda. Na mwaka mzima una msiba, una mvua ya mwezi wa kwanza, una juma zima la malaria.

Mmoja wenu ameniandikia: mbona husemi taksibasi? Swali zuri, wengi wanaliweka mahali pasipo pake. Nauli ya kwenda na kurudi anailipa awe na abonema, awe ameingia kwa seansi. Kwa hiyo katika kuchagua kati ya hizo mbili, nauli haibadilishi kitu, ile 8 inabaki 8. Inabadilisha tu ukilinganisha sale na kufanya mazoezi uani, au na wale vijana wanaokimbia pamoja alfajiri. Hapo ndiyo, iongezeni, na mtaona sale ya mbali ni ghali kuliko bei yake ya ukutani.

Kitu kimoja cha kuuliza kabla ya kuacha: ada ya kujiandikisha. Kwake ni dola 15, na ukikatiza mwezi mmoja wanakudai tena ukirudi. Kwa mara 4 kwa mwezi, akihamia seansi anaokoa dola 20, kwa hiyo hata akirudi mwezi unaofuata bado anabaki na 5. Lakini angekuwa wa mara 6, angeokoa 10 tu, na ada ya 15 ingemrudisha nyuma. Mtu wa mara 6 au 7, ambaye anajua atarudi karibuni, afadhali abaki.

Tukakubaliana hivi: mwezi huu namtumia seansi, na ananitumia picha ya daftari. Ikifika mara 9, mwezi unaofuata ni abonema bila maswali. Yeye ana hoja yake, na haina ubaya: akishalipa mwezi anajisikia analazimika kwenda, na seansi ya dola 5 kila mara inamfanya asite mlangoni. Kuna watu wa namna hiyo kweli. Ila daftari lake la mwezi wa tatu linasema kulazimika kwenyewe kumekwisha nguvu.

Sasa dekoda ya mama. Hii ni ngumu zaidi, kwa sababu hakuna mlango wala daftari, na nyumba ina watu watano. Mara moja ni nini? Saa moja? Filamu moja? Mimi nahesabu jioni. Jioni ambayo mtu yeyote wa nyumba ameangalia kituo ambacho, dekoda ikikatwa, angekikosa. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yenye kazi. Habari za RTNC zinazoshikika kwa antena hazihesabiwi, hata kama mama anaziona kupitia dekoda. Tukabandika karatasi kando ya televisheni, mtoto wa dada yangu anaweka alama.

Na mnajua kilichotokea. Delestaji. Reabonema inahesabu siku 30 za kalenda, haijui kama mtaa una umeme. Mwezi ule jioni zenye umeme zilikuwa 17, na zenye alama 12. Kwa kifurushi cha dola 24, ni dola 2 kwa jioni, wakati kama ungegawa kwa 30 ungejifariji kwamba ni senti 80. Kwa hiyo wa mitaa ambayo umeme unakwenda kwa zamu, anzeni kuhesabu na jioni zenye umeme, si na kalenda.

Dola 2 kwa jioni ya watu watano ni nyingi? Sioni. Ila kuna kifurushi kidogo cha dola 12, chenye tamthilia zote za mama. Kile kikubwa kinaongeza mpira wa Ulaya. Basi usigawe 24 yote. Gawa ile tofauti, dola 12, kwa mechi zilizoonekana ambazo kidogo hakina. Karatasi inasema mechi 3. Dola 4 kwa mechi moja, na kwenye nganda ya pale kona unaiona kwa bei ya chupa, pamoja na kelele za watu wa Mazembe na Lupopo bure. Mama atabaki na kidogo. Msimu ukifika kwenye mechi za mwisho, kaka akitaka kikubwa, tunapandisha mwezi mmoja, tunashuka tena.

Na tusifanye ujinga wa kuwasha televisheni ili alama ziongezeke. Bei kwa jioni itashuka kwenye karatasi, dola 24 zitakuwa zimekwenda vilevile. Upande mwingine, bibi yangu haamki kitandani, na jioni moja ya tamthilia kwake si sawa na jioni moja ya kijana anayebadilisha vituo huku anacheza na simu. Karatasi haioni hilo. Mimi naliona, ndiyo maana kifurushi kidogo hakigusiki.

Wanaoangalia filamu kwa mtandao, neno moja: kwenu abonema mara nyingi ndiyo sehemu ndogo. Picha kali inaweza kula hadi jiga 3 kwa saa. Filamu ya saa mbili ni jiga 6, ziongezeni juu kabla ya kugawa. Wengi mtakuta dawa ni kushusha ubora wa picha kwenye mipangilio, wala si kukata abonema.

Mwisho, kwa sisi wa huku. Ninyi Lubumbashi mna bahati moja: mwezi ukiisha dekoda inakata, sale inakufungia, mnalazimika kuamua upya. Huku kadi inajilipa yenyewe. Utafiti ule ule ulikuta wanachama walikaa wastani wa zaidi ya miezi 2 tangu siku ya mwisho kwenda hadi kufuta. Na sisi tukiweka reabonema ya mama kwenye kadi yetu ijilipe, tunawapelekea ugonjwa huo hadi Katuba. Mimi natuma kwa mkono, siku tatu kabla ya kukata, baada ya kuona picha ya karatasi.

Niandikieni chini: sale ya mtaa wenu mwezi ni ngapi, seansi ni ngapi, na wanadai ada ukirudi? Nitazigawa kwenye video ya juma lijalo.