Leo Tunachangia Paa Kwanza
(Hotuba ya mwenyekiti wa kijiji akifungua harambee ya madarasa mawili, shule ya msingi ya kijiji, Rungwe)

Mgeni rasmi, mheshimiwa diwani, baba mchungaji, shehe wetu, wazee wangu, akina mama mliotoka kwenye chai mkaja moja kwa moja na vikapu vyenu mgongoni, shikamooni. Vijana, mambo.

Shida yetu mnaijua, siielezi tena. Darasa la tatu lina watoto 112, na kiwango ni 45. Basi.

Nataka niseme jambo ambalo wengine mmeshalisikia kwangu mpaka mmechoka. Mzee pale anacheka, anajua ninakokwenda. Nakwenda kwenye lile boma.

Mwaka 2021 tulijenga boma pale nyuma ya ofisi ya walimu. Tulichoma tofali wenyewe, tukasomba mawe ya msingi kwa vichwa. Msingi tulitumia saruji, lakini ukuta tukajengea udongo, ndivyo tunavyojenga hapa. Oktoba tukabakiza kozi mbili kufika renta. Hela ikaisha. Tukaambiana, mvua ikikatika tutaendelea.

Jamani, Rungwe hii, mvua ikianza Novemba unaiambia isubiri mpaka lini? Ilinyesha mpaka Mei. Na ukuta usio na renta wala bati hunywa maji kutokea juu. Tofali iliyoiva vizuri haina neno, ila udongo uliopo katikati unageuka uji. Kwa nje huoni kitu. Mimi nilikuwa napita pale nasema boma letu zima! Misimu miwili ikapita hivyo.

Mhandisi wa halmashauri alipokuja kuliangalia ili tuombewe fedha za umaliziaji, hakupiga hata kipimo. Aliomba spoku ya baiskeli. Akaichomeka kwenye kiungo cha tofali, kozi ya juu kabisa, ikazama yote kama inaingia kwenye ndizi mbivu. Akashuka kozi moja, ikazama. Akashuka tena. Ilikuja kugoma kozi ya nane. Akanitazama, akanirudishia spoku yangu, akapanda pikipiki.

Kozi saba tulizibomoa kwa mikono yetu. Akina mama waliosomba zile tofali ndio waliozishusha. Hiyo spoku ninayo ofisini, anayetaka kuiona aje.

Sasa leo kuna mtu atasimama aseme, "Tuanze tu, Mungu atafungua njia." Hapana. Tunaanzia juu. Hatuchimbi msingi mpaka bati na mbao za kenchi ziwe stoo, zimehesabiwa. Zikiwepo, tunaanza msingi Juni, Agosti tunamwaga renta, Septemba tunapaua. Mvua ya Novemba itukute ndani tunapiga plasta.

Fundi amepiga hesabu: madarasa mawili yenye paa moja yanataka bati 110 za mita tatu, geji 28. Nasema geji 28 kwa sababu najua kuna mtu hapa atakuja na geji 30 akidhani ametuzidishia. Kwenye bati, namba ikipanda, bati linakuwa jepesi. Mvua ya mawe ya huku mnaijua.

Najua na swali linalonong'onwa kule nyuma: elimu si bila malipo? Ni bila malipo, na hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa sababu baba yake hakuchanga. Lakini ile ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka mzima, na sehemu yake ni ya vitabu. Utajengea nini hapo? Yale madarasa ya fedha za UVIKO ya mwaka huohuo 2021 yalipangiwa milioni 20 kila moja. Sisi tofali tunazo, mchanga tunao, nguvu tunazo. Tusichoweza kukichoma wala kukisomba mtoni ni bati.

Vyoo na madawati nilikuwa nayo kwenye karatasi, ila mshereheshaji ananionyesha saa. Mwalimu mkuu atayasema.

Mwisho, ule ubao pale una visanduku 110. Kila kisanduku ni bati moja. Mweka hazina ana penseli na kalamu ya wino. Ukiahidi, anaandika jina lako kwa penseli. Ukitoa taslimu na kupewa risiti, anaandika kwa wino. Mara ya mwisho ahadi zilijaza daftari, na mnada wa jogoo mmoja ukaingiza fedha kuliko ukurasa mzima wa ahadi. Jogoo wa leo yuko pale chini ya meza, amefungwa.

Mweka hazina, niandikie bati mbili. Hela hii hapa, hesabu. Wino, si penseli.