L Iliyosomwa 1: Kosa Ambalo Tarakimu ya Uhakiki Hailioni

Ndugu zangu wa kampuni za utalii za hapa Moshi, wageni wa mlimani hututumia picha ya pasipoti kwa simu kabla ya kuwasili, nasi huiachia programu isome mistari miwili iliyo chini ya ukurasa wa picha. Kila mstari una nafasi 44. Mstari wa kwanza una jina, na jina halina tarakimu ya kulihakiki, kwa hiyo leo nitashughulika na wa pili, ambamo namba ya pasipoti na tarehe zote mbili, ya kuzaliwa na ya pasipoti kuisha muda, kila moja hufuatwa na tarakimu ya uhakiki.

Tuchukue mfano wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, wa nchi ya kubuni iitwayo Utopia:

```
L898902C36UTO7408122F1204159ZE184226B<<<<<10
```

Namba ya pasipoti ni L898902C3, na 6 inayofuata ndiyo ya uhakiki. Tarakimu hubaki na thamani yake, A huwa 10, B 11, hadi Z ambayo ni 35, na alama ya kujazia nafasi, `<`, ni sifuri. Thamani hizo huzidishwa kwa 7, 3 na 1 kwa zamu: L ni 21, mara 7 ni 147; 8 mara 3 ni 24; 9 mara 1 ni 9. Ukifika mwisho jumla ni 316, na ukigawanya kwa 10 hubaki 6, kama ilivyochapishwa.

Mng'ao wa taa ukisababisha 8 ya kwanza isomwe B, 24 inakuwa 33, jumla inakuwa 325 na baki ni 5, hivyo kosa linanaswa. Lakini L ikisomwa 1, 147 inakuwa 7, jumla inashuka hadi 176, na baki ni 6 ile ile! Thamani mbili zikipishana kwa 10, 20 au 30, kugawanya kwa 10 hufuta tofauti hiyo. Ndivyo ilivyo kwa 6 na G, na pia kwa `<` na K, jozi inayoniudhi kuliko zote kwa jinsi zinavyofanana katika picha hafifu. Tarakimu ya mwisho wa mstari, inayohakiki sehemu kadhaa kwa pamoja, hutumia hesabu hiyo hiyo, kwa hiyo nayo hudanganyika. Uraia na jinsia haivigusi kabisa.

Kwa sababu hiyo, namba isomwe pia pale juu ilikochapishwa kwa ajili ya macho, kisha zilinganishwe. Programu isiruhusiwe kubadilisha herufi hadi hesabu ikubali, maana katika kubahatisha, takribani jibu moja kati ya kumi hupita hata likiwa si sahihi. Zikitofautiana, mtu aifungue picha na kuitazama mwenyewe, na ikiwa haisomeki, mgeni aombwe nyingine.