Noti Iliyopasuka: Kuchagua Plani kwa Anayeanza

(Mhadhara kwa vijana wanaojifunza kupiga video, Lubumbashi)

Hamjambo wote, karibuni. Walio nyuma sogeeni, sauti yangu si kubwa.

Leo tuna kisa kimoja tu, na tutakikata vipande vya picha, yaani plani, hapa hapa. Binti ametumwa na mama yake soko la mtaa wa Kenya, hapa mjini, kununua mfuko wa unga wa mahindi. Ana noti moja ya dola 20, ameifunga kwenye pindo la kitenge kiunoni. Muuzaji anaipokea, anaigeuza, anaona ukingo umepasuka kidogo, anairudisha: "Hii imepasuka, mwanangu. Sikamati." Binti anarudi nyumbani bila unga. Mnacheka kwa sababu mnaijua hadithi. Franki iliyochakaa kama tambara inapita mkono kwa mkono, lakini dola yenye mpasuko wa milimita tatu haina rafiki mjini humu.

Swali ni hili: kamera ikae mbali kiasi gani, na lini? Wengi huanza na orodha: plani pana, plani ya kati, plani ya karibu, halafu wanapiga moja ya kila aina kama wanaojaza fomu. Mimi nawaambia mjiulize mtazamaji anataka kujua nini katika sekunde hiyo. Jibu likiwa ni mahali, rudi nyuma. Likiwa ni kitendo kati ya watu wawili, ingia kati. Likiwa ni kitu kidogo, au kilicho moyoni mwa mtu, sogea.

Tuanze. Najua wapo watakaotaka kufungua na kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba na bomba la moshi la kampuni ya migodi, Gécamines. Ni picha nzuri, na mgeni ataijua Lubumbashi mara moja. Lakini hadithi yetu haiendi mgodini. Mtazamaji anataka kujua binti yuko wapi na anaelekea kwa nani. Kwa hiyo plani pana yetu ni kichochoro cha soko: meza, mifuko ya unga imepangwa, muuzaji ameketi, na binti anaingia, mwili mzima unaonekana toka kichwa hadi miguu. Ipe sekunde tano au sita, kwa sababu jicho linahitaji muda wa kutafuta ndani ya picha pana. Na binti atembee wakati wengine wametulia, maana jicho hufuata kinachosogea. Kumbukeni pia kwamba watu wataitazama kwenye simu. Kama binti ni mdogo kuliko robo ya urefu wa picha, umepiga soko, hukumpiga binti.

Sasa amefika mezani. Hapa mwanafunzi mzuri ataniambia: plani ya kati, kiunoni kwenda juu. Vema, lakini noti iko wapi? Kwenye fundo la kitenge, kiunoni. Ukikata kiunoni, mikono yake itashuka nje ya picha na kurudi na noti ambayo hatujui imetoka wapi. Kwa hiyo shuka kidogo, kata katikati ya paja. Ndiyo ile wanaoiita plani amerikeni. Filamu za makauboi ziliizoea kwa sababu bastola huning'inia hapo. Sisi bastola yetu ni fundo la kitenge. Tunaliona likifunguliwa polepole, na bila neno lolote tunajua hii pesa ilitunzwa.

Na mahali pa kukata, jihadharini na viungo. Ukikata kwenye goti, kiwiko, kifundo cha mguu au shingoni, mtu anaonekana amekatwa kwa kisu. Kata kati ya kiungo na kiungo, jicho litaumalizia mwili lenyewe.

Maneno yao mawili matatu yasemwe katika plani hii, si katika ile pana. Sababu si picha, ni sauti: maikrofoni ya simu ikiwa mita sita mbali, utasikia redio ya jirani na kelele za wapita njia kabla hujamsikia binti. Mita moja na nusu hadi mbili inatosha.

Tufike kwenye noti. Hii ndiyo plani inayobeba hadithi. Mtu asiyeuona mpasuko atadhani muuzaji ana roho mbaya, au pesa haitoshi. Kwa hiyo vidole na noti vijaze picha, na kidole gumba cha muuzaji kikae kando ya mpasuko, kisiufunike. Usiisogeze simu hadi igusane na noti. Simu nyingi, chini ya sentimita 10 hivi, hushindwa kushika fokasi na picha huwa ukungu. Rudi kidogo, tumia zuum ya mara 2, gusa noti kwenye kioo ili fokasi ikae hapo. Na iwe kivulini, kwa sababu jua la saa sita huichoma karatasi ikawa nyeupe tupu. Ukimaliza, nyoosha mkono wako wote na uitazame simu. Huuoni mpasuko? Rudia.

Baada ya noti, uso. Wa nani? Wa binti, maana hasara ni yake. Na tangu mwanzo, uso huu uwe wa kwanza kuonekana kwa karibu. Ugonjwa wa wanaoanza ni kubandika nyuso kila mahali: binti anaingia, uso, anasalimia, uso, sasa pigo limekuja, na huna pa kusogea tena. Usiupige kwa sentimita 30 pia, pua itavimba na masikio yatakimbia nyuma. Simama mita moja na nusu, zuum mara 2, macho yakae theluthi ya juu. Pakibana, kata paji la uso kuliko kidevu.

Wala usimwambie alie. Mrusi Lev Kuleshov, miaka 100 hivi iliyopita, aliunganisha uso uleule wa mwigizaji na sahani ya supu, kisha na maiti, na watazamaji waliona njaa, wakaona huzuni. Atazame noti tu. Mpasuko umeshafanya kazi.

Plani ya mwisho nairudisha kuwa pana: binti anaondoka, mfuko wa unga umebaki mbele yetu mezani. Mikono mitupu haionekani usoni, inahitaji nafasi.

Jambo moja la montaji. Ukiunganisha plani mbili za binti zinazolingana karibu kabisa, moja kiunoni na nyingine kifuani kidogo, picha inaruka na mtu anadhani umekosea. Ukibadilisha ukubwa, badilisha waziwazi, au hamisha kamera pembeni nyuzi 30 hivi.

Ndiyo, dada, uliza. "Yaya, kama muuzaji ananipa dakika chache tu, nipige ipi?"

Piga noti kwanza, kabla hajachoka na wewe, halafu hiyo ya katikati ya paja yenye maneno. Uso wa binti unaweza kuupiga hata nyumbani, mbele ya ukuta, ilimradi mwanga utoke upande uleule na kitenge kiwe kilekile. Ile pana ya kichochoro rudi kesho asubuhi, omba ruhusa ya kuweka mfuko mezani, hutamhitaji muuzaji tena. Mgongo wa mtu yeyote aliyevaa kama yeye utatosha.