Shimo la Novemba: Kuomba Ovadrafti ya Karakana ya Sare

OTIENO: Karibuni tena. Leo meza ni ya dada yangu Zawadi, mwenye karakana ya sare za shule hapa Nairobi. Mwaka jana aliomba benki ovadrafti, yaani ruhusa ya kutoa zaidi ya kilichomo kwenye akaunti, akanyimwa. Zawadi, uliandika nini?

ZAWADI: Niliomba milioni mbili za kuendeshea biashara, nikaambatanisha hesabu za mwaka. Faida ipo, kaka! Wakaniambia hapana.

OTIENO: Nimekaa dawati la mikopo miaka mingi, na barua kama hiyo hainiambii kitu. Faida ni ya mwaka mzima. Mimi nataka kujua akaunti itazama kiasi gani, na itaibuka lini.

ZAWADI: Safari hii nimeandika mwezi kwa mwezi. Mwisho wa Septemba ninabaki na laki moja. Oktoba naingiza laki moja na nusu, lakini kitambaa kinakula laki tano, na mishahara na kodi ya jengo laki mbili na nusu. Hapo nimeshazama laki tano. Novemba naingiza laki moja na nusu tena, natoa laki sita na nusu. Nafunga mwezi nikiwa chini milioni moja.

OTIENO: Na mauzo?

ZAWADI: Desemba naingiza laki sita na kutoa nne. Januari shule zikifunguliwa, milioni moja na nusu, natoa laki tatu tu. Naibuka na laki nne mkononi.

OTIENO: Kwa hiyo ungeomba milioni moja?

ZAWADI: Ndiyo, si ndiyo shimo lenyewe?

OTIENO: Ni shimo la mwisho wa mwezi. Wiki ya kwanza ya Desemba unalipa nini?

ZAWADI: Mafundi na kodi. Kama laki mbili. Wazazi hawajaanza kununua... Ala! Kumbe nimezama milioni moja na laki mbili.

OTIENO: Ukipewa milioni moja kamili, hundi ya kodi inarudi wiki ileile. Ndiyo maana miezi ya kilele huchorwa wiki kwa wiki. Sasa, katika mauzo ya Januari, shule zinazokopa ni kiasi gani?

ZAWADI: Laki tano. Na zinachelewa, usiniulize.

OTIENO: Zikisogea hadi Februari, unafunga Januari ukiwa bado chini laki moja. Angalia vizuri: shimo halikuongezeka kina, ila siku ya kutoka imesogea. Andika hivyo kwenye ombi, tena mwenyewe, kabla hawajauliza. Kisha omba milioni moja na laki nne, useme hizo laki mbili za juu ni za nini.

ZAWADI: Riba nalipa kwa zote?

OTIENO: Kwa kawaida ni kwa ulichotumia, siku kwa siku. Tuseme riba ni asilimia 16 kwa mwaka: milioni moja kwa siku 30 ni kama shilingi 13,150. Ada za kufungua na kuhuisha ni kando, uliza mapema. Na usiiguse kununua cherehani. Cherehani hailipwi na msimu mmoja, kwa hiyo akaunti itabaki chini mwaka mzima, na benki ikiona haiibuki hata mara moja, itaanza kuidai. Ovadrafti hudaiwa wakati wowote, hilo liko kwenye mkataba.

ZAWADI: Dhamana sasa. Nina stoo imejaa sweta.

OTIENO: Zenye nembo ya shule?

ZAWADI: Ndiyo.

OTIENO: (anacheka) Benki itamuuzia nani sweta ya shule moja? Majora ya kitambaa yasiyokatwa yana thamani zaidi kuliko sare zilizoshonwa. Tangu sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika, benki inaweza kusajili haki yake juu ya bidhaa, mashine, hata madeni ya zile shule, na wewe ukaendelea kuvitumia. Gari nalo?

ZAWADI: Lipo, logibuku safi. Mume wangu ameniambia nyumba tusiiguse.

OTIENO: Na bila idhini yake benki haiwezi kuchukua rehani ya nyumba ya familia. Kwa kiasi hiki usiilazimishe. Weka gari, majora, madeni ya shule, na dhamana yako binafsi. Ila hesabu kwa bei ya kuuza kwa haraka, maana wao watahesabu hivyo.

ZAWADI: Basi iko tayari.

OTIENO: Bado. Wateja wako wanalipa wapi?

ZAWADI: Kwenye tili ya M-Pesa. Halafu nalipa mafundi humohumo.

OTIENO: Kwa hiyo ile milioni na nusu ya Januari haimo kwenye taarifa ya benki! Afisa ataona akaunti tupu na jedwali zuri. Chapisha taarifa ya tili ya miezi 12 uiambatanishe, na kuanzia sasa hamishia mauzo benki kila jioni. Kitambaa unaagiza lini?

ZAWADI: Mwisho wa Septemba.

OTIENO: Leo ni Julai. Anza jioni hii.