Nani Kasema, na Kasema kwa Lugha Gani

*Mhadhara uliotolewa Arusha mbele ya watengenezaji wa podikasti*

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Waliotoka Moshi na basi la alfajiri, poleni na safari, karibuni sana.

Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kunukuu podikasti ambayo wasemaji wake wanachanganya Kiswahili na Kiingereza ndani ya sentensi moja, na kila msemaji awe na lebo yake. Makosa ni mengi, lakini leo nataka tukae na moja, kwa sababu mengine yanaonekana kwa macho na hili halionekani. Ni pale mashine inapoandika tafsiri badala ya maneno yaliyosemwa, halafu sisi tunabandika jina la mtu juu ya tafsiri ile.

Hapa Arusha tunao mfano wa karibu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilikaa pale kwenye kituo cha mikutano cha AICC mpaka ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Shahidi alizungumza Kinyarwanda, wakalimani wakageuza kwa Kifaransa na Kiingereza, na kumbukumbu zikachapwa kwa lugha hizo mbili. Kwa hiyo ukizisoma, maneno yaliyo mbele yako ni ya mkalimani, na msomaji wa kumbukumbu zile alilijua hilo. Msomaji wa nakala ya podikasti yako haambiwi kitu. Akiona jina na nukta mbili, anaamini kwamba kinachofuata kimetoka kinywani mwa mwenye jina.

Tuchukue kipande kimoja tukichunguze. Wasemaji ni watatu: mtangazaji, mwongozaji watalii wa Mlima Kilimanjaro, na mpagazi mzoefu. Mwongozaji anasimulia habari ya mgeni, mama mmoja, aliyezidiwa na ugonjwa wa mwinuko kwenye kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600. Alichosema ni hiki, neno kwa neno:

```
Mimi nikamwambia, "You're going down now, not tomorrow."
Akaanza kulia. Sasa ukisha-decide hivyo, hakuna ku-negotiate.
```

Faili nzima ikaingizwa kwenye Whisper, programu inayonukuu sauti kuwa maandishi, bila kutajiwa lugha. Mtangazaji alikuwa amefungua kipindi kwa Kiingereza, na Whisper isipotajiwa lugha inasikiliza sekunde 30 za mwanzo, inaamua lugha ni ipi, kisha inashikilia uamuzi huo mpaka mwisho wa faili. Ikaandika hivi:

```
I told him, "You're going down now, not tomorrow."
He started crying. Once you decide, there is no negotiating.
```

Isome tena taratibu. Sarufi safi, haina neno lililovunjika, na ukiipitisha macho tu utasema kazi imekwisha. Lakini mgeni alikuwa mwanamke. Mwongozaji hakusema popote kwamba ni mwanamume, maana Kiswahili hakimlazimishi: "nikamwambia", "akaanza", basi. Kiingereza kinadai jinsia, mashine ikajichagulia. Sasa nakala inamwonyesha mwongozaji, kwa jina lake, akisema jambo ambalo hakulisema na ambalo si kweli. Mgeni yule akija kuisoma habari yake, atajiuliza kama ni yeye anayesimuliwa.

Sababu iko kwenye mafunzo ya modeli yenyewe. Whisper ilifundishwa kazi mbili kwa pamoja, kunukuu na kutafsiri kutoka lugha nyingine kwenda Kiingereza. Ukishaiambia kwamba lugha ni Kiingereza halafu ikakutana na Kiswahili, mara nyingi inatafsiri tu, hata kama kwenye amri umeandika kwamba unataka kunukuu. Ukigeuza ukaiambia lugha ni Kiswahili, tatizo linageuka nalo:

```
Mimi nikamwambia, unashuka sasa hivi, si kesho.
Akaanza kulia. Sasa ukisha desaidi hivyo hakuna kunegosheti.
```

Jinsia imepona. Ila kauli aliyoambiwa mgeni imegeuzwa Kiswahili, wakati mgeni hakujua Kiswahili na mwongozaji alikuwa anarudia maneno aliyomwambia siku ile. Ukikuta kipindi cha saa nzima cha watu wa Arusha mjini na hakuna hata mmoja aliyechanganya lugha, usifurahi. Rudi kwenye sauti.

Dawa yake inaanza kwa kubadili mpangilio wa kazi. Wengi wananukuu kwanza, wanatafuta wasemaji baadaye. Mimi nasema tanguliza wasemaji. Programu ya kutenganisha wasemaji, kama pyannote, inapima sauti ya mtu, haihitaji kuelewa maneno yake, kwa hiyo mchanganyiko wa lugha hauisumbui kama unavyoisumbua inayonukuu. Itakupa orodha: kutoka dakika hii mpaka dakika hii ni SPEAKER_00, kisha SPEAKER_01, na kuendelea. Kata sauti kwa kufuata zamu hizo, acha nafasi ndogo mbele na nyuma ili silabi ya kwanza isiliwe, na hakikisha hakuna kipande kinachozidi sekunde 30. Mtu akiongea kwa muda mrefu, mkate mahali anapovuta pumzi.

Kisha kila kipande kinukuu mara mbili, mara moja kwa kila lugha:

```
whisper zamu_014.wav --model large-v3 --language sw \
  --condition_on_previous_text False --output_dir sw \
  --initial_prompt "Mgeni ali-panic, nikamwambia, take it slowly, tukaendelea."

whisper zamu_014.wav --model large-v3 --language en \
  --condition_on_previous_text False --output_dir en
```

Folda mbili ni za lazima, kwa sababu faili zinazotoka zina jina moja na ya pili ingefuta ya kwanza. Hiyo `--condition_on_previous_text False` inazuia maandishi ya dirisha lililopita, yaani kipande cha sekunde 30 kilichotangulia, yasiivute modeli kwenye lugha yake. Na hapo kwenye `--initial_prompt` nimeweka sentensi yenye mchanganyiko wa namna ileile tunayoitafuta, ili modeli ione kwamba kuandika hivyo kunaruhusiwa. Mwongozo huo unafanya kazi kwenye dirisha la kwanza tu la sekunde 30. Ukiuweka kwenye faili ya saa nzima, umesaidia nusu dakika. Ukikata zamu fupi, kila zamu inaupata. Ila uangalie: sauti ikiwa hafifu, maneno ya mwongozo yanaweza kuvuja yakaingia kwenye nakala. Ukiona mgeni "ali-panic" mahali ambapo hakuna aliyesema hivyo, umeshajua yametoka wapi.

Sasa una matoleo mawili. Yaweke pembeni kwa pembeni, vaa spika za masikioni, sikiliza. Kwa kipande chetu, toleo la Kiswahili linakupa "nikamwambia" na "akaanza kulia", na toleo la Kiingereza linakupa kauli iliyo ndani ya alama za nukuu pamoja na tahajia ya vitenzi viwili vya mwisho. Mwenye kuunganisha ni wewe, kwa sikio. Hakuna amri ninayoijua inayoweza kukufanyia kazi hiyo ukaiamini bila kusikiliza, na ndiyo maana naitetea kazi ya mnukuzi kila ninaposimama.

Vile vitenzi vinahitaji kanuni moja ya maandishi kabla hujaanza. Kuna wanaoandika kila kitu kwa matamshi ya Kiswahili, na kuna wanaoacha mzizi kwa tahajia ya Kiingereza na kuutenga kwa kistari, kama nilivyofanya kwenye nakala ile. Kwa podikasti nachagua kistari, kwa sababu anayetafuta neno kwenye nakala atalikuta, na mpaka wa lugha unaonekana pale ulipo. Maneno ambayo Kiswahili kimeshayapokea, kama basi, faili na hoteli, hayahitaji kistari wala tahajia ya kigeni. Andika kanuni yako juu ya ukurasa wa kwanza, iwe moja kuanzia kipindi cha kwanza.

Turudi kwenye lebo, maana hapo simulizi ileile ina mtego wa pili. Mwongozaji alipokuwa akiigiza jinsi mgeni alivyomjibu, alipandisha sauti, akaongea kwa pua, kwa Kiingereza. Programu ikasikia sauti mpya, ikatoa SPEAKER_03. Studio ina watu watatu, nakala ina wanne. Dalili yake ni rahisi kuitambua: msemaji mwenye sekunde chache tu kwenye kipindi kizima, na zote ni za lugha moja. Ukiitajia pyannote idadi ya watu, `num_speakers=3`, wa nne ataondoka. Lakini sekunde zake haziendi lazima kwa mwenyewe, huenda akapewa mpagazi. Kwa hiyo kila mahali lebo inapobadilika sambamba na lugha, palepale, shuku kwanza. Watu wawili kupokezana zamu na kubadilisha lugha kwa wakati mmoja hutokea, lakini mtu mmoja kubadilisha lugha katikati ya sentensi yake hutokea mara nyingi zaidi.

Kisha kuna "ehe", "mh" na "kweli kabisa" za mpagazi, zinazopita chini ya maneno ya mwenzake. Zisizofika sekunde moja usizipe Whisper. Kipande kifupi mno au chenye ukimya kinaifanya itunge maneno, wakati mwingine shukrani kwa watazamaji ambao hawapo. Ziandike kwa mkono. ELAN, programu ya kuandika maelezo juu ya sauti, inasaidia sana hapa, kwa sababu kila msemaji ana mstari wake na mistari inaweza kupishana kwenye dakika moja, jambo ambalo hati ya kawaida haikupi. Na usifikiri unaweza kuziacha tu. Mpagazi akisema "ehe" baada ya mwongozaji kusema hakuna majadiliano, amekubali, na msomaji ana haki ya kuliona hilo.

Dada aliyekaa kule nyuma ameniuliza kama haya yote hayaepukiki. Sehemu ya lebo inaepukika kabisa, kabla hujabonyeza kitufe cha kurekodi. Mpe kila mtu maiki yake na kila maiki iende kwenye treki yake. Sauti ya jirani itavuja kidogo, lakini utakuwa unajua treki ni ya nani, na aliyeigiza sauti ya mgeni atabaki kuwa yeye. Sehemu ya lugha haiepukiki kwa maiki. Hapo ni zamu fupi, matoleo mawili na sikio. Na usiposikia hata ukirudia, usikisie kwa kufuata maana. Weka alama ya muda pamoja na "haisikiki", kisha mpigie aliyesema umuulize.